Frilansa Kajipa Cheo Chake Mwenyewe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaochuja Wasifu

Ukurasa huu ni wa wale mnaochuja maombi ya kazi: watu wa rasilimali watu, mameneja wa idara, wenye biashara wanaoajiri wenyewe. Mfano unaotumika kote ni mmoja, nafasi ya Mhasibu Msaidizi kwenye kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Nimechagua uhasibu kwa sababu mafrilansa wengi wanaofanya hesabu za biashara ndogo wanajiita kila jina isipokuwa lile lililoko kwenye tangazo. Namba za maswali ni za kukusaidia kuruka, jibu likiwa limeshatolewa kwingine nitakuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini mafrilansa hawatumii vyeo vya kawaida?

Kwa sababu hakuna aliyewapa. Mwajiriwa anakuta cheo kimeshaandikwa kwenye barua ya ajira, frilansa yeye anapewa kazi tu na malipo, jina anajitafutia. Na jina lile analichagua kwa ajili ya mteja, sio kwa ajili yako wewe mwajiri. Mama mwenye duka la dawa hatafuti "mhasibu msaidizi", anatafuta mtu atakayemnyooshea vitabu ili mwezi ukiisha ajue kapata au kapoteza na TRA wasimsumbue. Ndio maana mtu anaandika "Mwezeshaji wa Biashara Ndogo" au "Mpangaji Hesabu" au "Mshauri wa Fedha wa Wajasiriamali", lile jina ni tangazo lake la biashara. Siku anaomba ajira analihamisha kama lilivyo kwenye wasifu, wewe unalisoma na hulielewi.

2. Mtu kujipa cheo si ni kudanganya?

Hapana, ila kuna mipaka miwili. Kwanza kuna vyeo ambavyo sheria inavilinda, hivyo mtu hajipi (swali la 14). Pili, kuna kujipa jina na kuna kujifanya ulikuwa mwajiriwa. Mtu akiandika "Mwezeshaji wa Biashara Ndogo, kazi binafsi, wateja wanne" huyo kasema ukweli wote hata kama jina halijulikani. Akiandika "Mhasibu, Kampuni Fulani, 2021 hadi 2023" wakati alikuwa anaenda pale siku mbili kwa wiki kwa invoisi, hapo jina ni la kawaida kabisa na ndilo linalokupotosha. Kwa hiyo usimwone wa jina geni ndiye mwenye shaka na wa jina la kawaida ndiye salama, mara nyingi ni kinyume chake.

3. Lakini cheo kwenye tangazo letu si ndio kipimo?

Cheo chako nacho umekichagua mwenyewe, au kilichaguliwa na aliyekutangulia kwenye ofisi hiyo. Kampuni moja Mhasibu Msaidizi wake anaingiza risiti kwenye mfumo basi, kampuni ya jirani mtu mwenye cheo hicho hicho anafunga mwezi, anatengeneza mishahara na kuandaa ritani za kodi.

Shirika la Kazi Duniani lina orodha yake ya kazi, ISCO-08, na ukiiangalia utaona eneo hili hili la hesabu limegawanywa ngazi tatu: 2411 ni wahasibu wa kitaaluma, 3313 ni wasaidizi wao wa kiufundi, 4311 ni makarani wa hesabu. Kinachowatenganisha pale ni shughuli wanazofanya na kiwango cha ujuzi kinachohitajika, jina tu halitoshi. Kabla hujamhukumu frilansa jiulize kwanza nafasi yako inaangukia wapi kati ya hizo tatu, maana nimeona matangazo yenye jina la 4311, majukumu ya 3313 na sifa za elimu za 2411, halafu watu wanalalamika hawapati mtu anayefaa.

## Kusoma wasifu

4. Naanzia wapi?

Anza na tangazo lako, sio na wasifu. Lipasue liwe kazi chache zinazoonekana, kila moja ikiwa na kiasi na ni mara ngapi inafanyika. Nafasi yetu ya mfano ilikuwa imeandikwa "awe na uzoefu wa miaka mitatu kama Mhasibu Msaidizi au cheo kinachofanana", maneno ambayo hayakusaidii kitu mbele ya wasifu wa frilansa. Ukimkalisha Mhasibu Mkuu nusu saa ukamuuliza huyu mtu Jumatatu asubuhi atafanya nini, unapata hivi: kila mwezi alinganishe daftari la benki na stetimenti za akaunti tatu, aandae ritani ya VAT, atengeneze mishahara ya watu 40 pamoja na PAYE na SDL, afuatilie wadaiwa, na atoe ripoti ya kufunga mwezi ambayo Mhasibu Mkuu anaipitia.

Hizo ni kazi tano. Kuanzia hapo unatafuta kazi tano, hutafuti cheo.

5. Wasifu wenyewe nausomaje?

Ruka mstari wa cheo kabisa, nenda kwenye maelezo ya kila mteja, na kwa kila mteja tafuta vitu vinne: alitoa nini mwisho wa kazi, mara ngapi, nani alikuwa anaamua, na alitumia zana gani.

Mwombaji wetu wa mfano kajiita Mwezeshaji wa Biashara Ndogo na ana wateja watatu: duka la dawa Kariakoo, kampuni ya usafirishaji yenye malori sita, na mgahawa. Kwenye duka la dawa kaandika "kuweka mfumo wa fedha na kumsaidia mmiliki kufanya maamuzi". Hiyo haina kitu unachoweza kukishika, unaiwekea alama ya kuuliza. Kwenye malori kaandika "kuandaa mishahara ya wafanyakazi 14, ritani za kila mwezi, na kulinganisha akaunti mbili za benki, QuickBooks". Hapa vitu vitatu kati ya vinne vipo, na kazi tatu kati ya zile tano zako zimeguswa kwenye mstari mmoja. Jina la cheo ni lile lile kwa wateja wote lakini ushahidi ni tofauti kabisa, ndio maana nasema uruke cheo usome mteja kwa mteja.

Halafu mteja mwenyewe anakwambia mambo ambayo mwombaji hakuandika. Dawa nyingi zimesamehewa VAT, kwa hiyo usitegemee kwamba miaka miwili ya duka la dawa imempa uzoefu wa VAT hata kama kaandika "kodi". Usafirishaji wa mizigo unatozwa VAT, hapo ndipo uzoefu huo ungetoka. Mtu anayejua biashara za wateja anausoma wasifu huu mara mbili zaidi ya yule anayekodolea macho vyeo.

6. Miaka ya uzoefu naihesabuje kama alikuwa na wateja wengi kwa wakati mmoja?

Hili ndilo linalowachanganya watu kuliko yote, na wanakosea pande zote mbili: wengine wanajumlisha kila mteja wakapata miaka mingi ya uongo, wengine wanaona "kazi za muda" wakaandika sifuri.

Twende na mwombaji wetu. Duka la dawa alilihudumia Januari 2021 hadi Desemba 2022, miezi 24, kama siku nne kwa mwezi. Malori Julai 2021 hadi Juni 2023, miezi 24, siku nane kwa mwezi. Mgahawa Januari hadi Desemba 2023, miezi 12, siku sita kwa mwezi. Ukijumlisha kibubusa unapata miezi 60, yaani miaka mitano, na hiyo sio kweli maana vipindi vinapandana. Kwa kalenda ni Januari 2021 hadi Desemba 2023, miaka mitatu. Kwa siku alizofanya kazi kweli ni 96 za duka la dawa, 192 za malori na 72 za mgahawa, jumla 360, ukigawa kwa siku 22 za kazi kwa mwezi unapata kama miezi 16 ya mtu wa kutwa nzima.

Sasa mtu anaona miezi 16 anasema hafiki miaka mitatu, nje. Subiri kwanza. Kazi ya hesabu inaenda kwa mizunguko ya mwezi. Kama kila mteja alifungiwa mwezi wake, huyu mtu kafunga miezi 60, wakati mwajiriwa aliyekaa kampuni moja miaka mitatu kafunga 36. Kwa kufunga mwezi na kulinganisha benki, frilansa ana marudio mengi zaidi, tena kwenye biashara tatu zisizofanana. Kwa kazi za kila siku, mfano kufuatilia wadaiwa ambako lazima uwepo ofisini simu ikilia, mwajiriwa kamzidi mbali.

Kwa hiyo usitafute namba moja. Kwa kila kazi kati ya zile tano jiulize inapimwa kwa mizunguko au kwa siku, halafu hesabu ipasavyo na uandike ulivyohesabu.

7. Ngazi yake naijuaje, ni wa chini, wa kati au wa juu?

Cheo cha kujipa hakikwambii ngazi, na sifa kama "mwandamizi" ukizikuta kwa frilansa zichukulie kama hazipo. Angalia nani alikuwa anagundua makosa yake. Kama mhasibu mwingine alikuwa anapitia kazi kabla haijaenda TRA, huyo alikuwa msaidizi hata kama anajiita mshauri. Kama ni yeye wa mwisho kuiona na mmiliki alikuwa anasaini tu, alibeba wajibu mkubwa, lakini pia inawezekana makosa yake hakuna aliyeyaona mpaka leo. Haya yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja, ndio maana jaribio la vitendo halikwepeki (swali la 13).

Kitu ambacho mafrilansa wengi wa biashara ndogo wanakikosa ni kufanya kazi ndani ya mnyororo: huyu anaandaa, yule anaidhinisha, mwingine analipa, mkaguzi anakuja mwisho wa mwaka anauliza vielelezo. Duka la mtu mmoja halina hiyo. Sio sababu ya kumkataa, ni sababu ya kupanga nani atamfundisha miezi ya mwanzo.

8. Wasifu umeandikwa juu juu, huoni kazi yoyote. Niutupe?

Kama nafasi ina waombaji mia tatu, sawa, huwezi kumwandikia kila mtu. Ila kama una watu wachache na huyu ana dalili hata mbili, mwandikie ujumbe mfupi, mfano:

"Habari ndugu, tumepokea maombi yako. Tunaomba kwa kila mteja uliyemtaja utuandikie mistari mitatu: ulikuwa unakabidhi nini kila mwezi, kwa siku ngapi, na nani alikuwa anaipitia kazi yako. Usitaje takwimu za siri za mteja. Tunahitaji kabla ya Ijumaa."

Watu waliofanya kazi kweli wanajibu haraka na majibu yana vitu ndani yake. Aliyepamba anarudi na maneno yale yale ila marefu zaidi. Na ukimuuliza mmoja waulize wote walio kwenye hali kama yake, usimpe nafasi ya pili yule tu uliyevutiwa naye.

## Kuhakiki

9. Hana barua ya ajira, ushahidi gani naweza kuomba?

Kuna karatasi moja ambayo watu wanaisahau, nayo ni cheti cha kodi ya zuio. Kampuni inapomlipa mtoa huduma mkazi wa Tanzania inatakiwa kuzuia asilimia 5 ya ada ya huduma na kuipeleka TRA, na mtoa huduma anapata cheti kinachoonyesha aliyelipa na kiasi. Frilansa aliyefanya kazi na kampuni yenye utaratibu, kama ile ya malori, anaweza kuwa nacho, na karatasi hiyo ina uzito kuliko barua ya sifa kwa sababu pande mbili zimeingia kwenye rekodi ya kodi. Anaweza kufuta kiasi, wewe unachotaka ni jina na tarehe.

Wasipokuwa nacho usiwahukumu, wateja wadogo wengi hawazuii kodi hiyo. Omba mkataba, hata wa ukurasa mmoja, au invoisi za mwezi wa kwanza na wa mwisho, au miamala ya malipo iliyofunikwa namba. Unachohakiki hapa ni kwamba mteja yupo na kipindi ni kweli. Ubora wa kazi unauhakiki kwingine.

10. Referii wake ni mwenye mgahawa asiyejua uhasibu. Ana faida gani?

Ana faida kubwa ukimuuliza anayoyajua. Usimuulize "alikuwa mhasibu mzuri?", atakwambia mzuri sana, na usimuulize cheo chake kilikuwa nini kwa sababu atasema "huyu kijana wa hesabu". Muulize: mwisho wa mwezi alikuwa anakuletea nini mkononi? Alikuwa anakuja siku ngapi? Uliwahi kupata faini ya kuchelewesha ritani wakati yupo, na ilikuwaje? Alipoondoka nani alichukua kazi, na aliyechukua alikuta vitabu vikoje? Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mwenye biashara anaweza asijue debiti na krediti lakini anajua kabisa kama mhasibu mpya alilia siku ya kwanza au alianza kazi.

11. Naweza kumwomba anionyeshe hesabu alizomtengenezea mteja?

Hesabu halisi za mteja hapana. Zina siri za biashara, na mishahara ina taarifa binafsi za watu ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazigusa. Omba fomati tupu, au ripoti yenye namba za kubuni, au akueleze kwa mdomo hatua kwa hatua.

Na mwombaji akifungua laptop kwenye intaviu akakuonyesha peiroli ya mteja wake majina yote yakiwa wazi ili kukuvutia, hiyo iandike kama kasoro. Mwaka kesho itakuwa peiroli yako.

12. Anatumia Upwork, profaili yake inasaidia?

Inasaidia ukijua usome wapi. Jina lililoko juu ya profaili kaliandika mwenyewe na anaweza kulibadilisha muda wowote, kwa hiyo halikupi zaidi ya lile la kwenye wasifu. Shuka chini kwenye historia ya kazi, pale kuna kazi zilizotangazwa na wateja, saa zilizolipwa kwa kandarasi za saa, na maoni ya mteja. Alama ya Job Success Score inakwambia wateja waliridhika kiasi gani, haikwambii kazi ilikuwa ngumu kiasi gani, mtu anaweza kuwa na alama ya juu kwa kuingiza risiti tu.

## Intaviu na jaribio

13. Nimuulize nini ili nijue alifanya kazi hizo kweli?

Uliza mambo ambayo aliyefanya anayajua bila kufikiria na aliyesoma tu lazima atafute. Mfano PAYE na SDL mwisho ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata, VAT ni tarehe 20. Aliyekuwa anawasilisha mwenyewe tarehe hizo ziko kichwani, kashakesha nazo.

Swali zuri zaidi ni linalotoka kwenye wasifu wake mwenyewe. Mwombaji wetu muulize: malori ulikuwa unawalipia SDL, na mgahawa je? Kwa Tanzania Bara SDL inaanza mwajiri akiwa na wafanyakazi 10 au zaidi, malori walikuwa 14 na mgahawa walikuwa 7, kwa hiyo jibu ni ndiyo kwa wa kwanza na hapana kwa wa pili, na aliyefanya kazi atakueleza na sababu. Akikwambia kote walilipa, endelea kumuuliza taratibu, labda mgahawa uliwahi kuwa na watu zaidi, usimkatie tamaa kwa jibu moja.

Halafu jaribio la vitendo, saa moja inatosha. Mpe ukurasa wa daftari la benki na stetimenti ya mwezi huo huo. Daftari linasema salio ni 4,850,000, stetimenti inasema 5,214,000. Ndani yake umeficha makato ya benki 36,000 ambayo hayajaingizwa kwenye daftari, na hundi ya 400,000 iliyoandikwa kwenye daftari lakini benki haijapita. Ukitoa makato kwenye daftari unapata 4,814,000, ukitoa hundi kwenye stetimenti unapata 4,814,000, zimekutana. Usiangalie kama kapata jibu tu, angalia kama anajua kipi kinaingizwa kwenye vitabu na kipi kinasubiri. Makato anayaingiza leo, hundi haigusi. Mtu anayelazimisha namba zikutane kwa kuweka mstari wa "tofauti 364,000" huyo alikuwa anawafungia wateja wake miezi kwa gundi, haijalishi alijiita nani.

Jaribio hilo hilo wape na wale wenye vyeo vya kawaida. Ukimpima frilansa peke yake huna cha kulinganisha, na pia sio haki.

## Kesi ngumu

14. Kuna vyeo ambavyo hatakiwi kujipa kabisa?

Vipo, na hapa usilegeze. Kwenye uhasibu Tanzania bodi ni NBAA, na mtu hawezi kujiita CPA kwa sababu tu anafanya kazi kama ya CPA. Kutoa huduma ya ukaguzi wa hesabu kwa umma na kusaini ripoti ni kwa aliyesajiliwa ngazi ya CPA-PP. Frilansa akiandika "nilikagua hesabu za makampuni matatu" muulize alikagua kama nani, mara nyingi utakuta alimaanisha alipitia vitabu akasahihisha makosa, na hilo ni neno baya tu, lakini kama alisaini ripoti ya ukaguzi bila usajili hiyo ni habari nyingine. Usajili uhakiki kwa bodi, cheti cha PDF hakitoshi. Utaratibu ni huo kwa wahandisi na ERB, na kwa wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi na AQRB.

15. Kajiita Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni yake, na kampuni ni yeye peke yake. Nimchukulieje?

Kama kampuni imesajiliwa BRELA na yeye ndiye mkurugenzi, cheo ni cha kweli kisheria, hajakosea kukiandika. Ila hakikwambii chochote kuhusu kazi tano. Kuna wanaomkataa kwa kusema "huyu atatuona wadogo, alikuwa bosi" na kuna wanaompandisha ngazi bila sababu, wote wamesoma cheo. Rudi swali la 5, msome mteja kwa mteja. Kitu kimoja cha ziada cha kumuuliza: je, kuna kazi aliyompa mtu mwingine akaisimamia? Kama alikuwa na vijana wawili wanaingiza data na yeye anapitia, huo ni usimamizi halisi na uhesabu.

16. Na cheo kikiwa cha chini kuliko kazi aliyofanya?

Hii inatokea sana na ndio inayoumiza watu wazuri kimya kimya. Mtu kaandika "msaidizi wa mtandaoni" kwa sababu ndivyo mteja wa nje alivyomwita, na chini kabisa kwenye mstari wa sita utakuta alikuwa analipa wasambazaji, analinganisha akaunti na kuandaa ripoti ya mapato na matumizi kila mwezi. Huyo kwenye ISCO-08 anasogelea 3313 lakini jina lake linamtupa kwa makarani. Mchujaji anayepita juu juu hafiki mstari wa sita. Ukiwapa wachujaji fomu yenye zile kazi tano badala ya fomu yenye kisanduku cha cheo, watafika.

17. Mfumo wetu unachuja wenyewe kwa maneno, mafrilansa wanatupwa kabla sijawaona. Nifanyeje?

Badilisha maneno yanayotafutwa. Mfumo ukiambiwa utafute "Mhasibu Msaidizi" utamtupa kila aliyejiita vingine. Uambie utafute majina ya kazi na zana: peiroli, stetimenti, VAT, PAYE, SDL, QuickBooks, Tally, kufunga mwezi, na uweke tahajia za Kiingereza na Kiswahili zote mbili maana watu wanachanganya. Halafu kila nafasi chukua wachache waliotupwa uwasome kwa macho. Ukikuta kati yao kuna anayefaa, kichujio chako ndicho kibovu.

18. Nimwambie aandike upya wasifu kwa vyeo vyetu?

Usimwambie abadilishe jina la kazi alilokuwa anatumia na wateja, kwa sababu referii akipigiwa hatalijua na utakuwa umemtengenezea uongo wewe mwenyewe. Unachoweza kumshauri ni aongeze mstari chini ya jina lake, mfano "Mwezeshaji wa Biashara Ndogo, kazi binafsi, majukumu ya uhasibu msaidizi kwa wateja watatu". Jina lake limebaki, na kazi imejulikana.

19. Mkaguzi au mfadhili anataka kuona "uzoefu wa miaka mitatu katika cheo kinachofanana". Faili naliandikaje?

Usiandike kwamba alikuwa Mhasibu Msaidizi wakati hakuwahi kuwa na cheo hicho. Andika ulivyolinganisha, siku ile ile ya kuchuja, kabla ya intaviu, na aliyechuja asaini. Kwa mwombaji wetu ingekuwa hivi:

"Mwombaji anatumia jina Mwezeshaji wa Biashara Ndogo, kazi binafsi. Kipindi: Januari 2021 hadi Desemba 2023, miaka 3 ya kalenda, wastani wa siku 10 kwa mwezi. Kulinganisha benki: ipo, malori, akaunti 2. Peiroli, PAYE na SDL: ipo, wafanyakazi 14, nafasi inahitaji 40. VAT: malori, kuthibitisha kwenye usaili. Kufunga mwezi: anadai wateja wote, kuthibitisha kwa referii. Wadaiwa: haipo. Uamuzi: aitwe usaili."

Kama sharti la mfadhili limeandikwa kwamba lazima awe aliajiriwa kwa cheo hicho hicho, huwezi kulipinda kwa maelezo mazuri, na huyu hataingia. Hapo dai lako lipeleke kwa aliyeandika sharti kabla tangazo linalofuata halijatoka, neno "kuajiriwa" libadilishwe liwe "kufanya kazi", na zile kazi tano ziorodheshwe pale pale.